Mkate wa sinia hausubiri

Mama mwenye bekari ndogo anapomwandikia dada anayetangaza vyakula mtandaoni, mara nyingi huanza hivi: "Natengeneza mikate mizuri, naomba tushirikiane." Dada hupokea nyingi za namna hiyo, na hiyo haimwambii aje lini, aonje nini, wala atapata nini.

Tuchukue mfano wa mama anayeoka mkate wa sinia Mji wa Kale, Mombasa. Mchele ameuloweka usiku kucha, akausaga kwa tui la nazi, iliki, sukari na hamira, kisha akauacha uumuke. Ukiumuka kupita kiasi unachachuka na katikati hudidimia. Ukiiva vizuri una vitundu na ni laini, lakini kwa kuwa ni wa mchele, kesho yake umeshakuwa mgumu. Basi kumpelekea dada mkate nyumbani aupige picha kesho ni kujiharibia. Heri amwite jikoni.

Halafu kuna pesa, na hapa ndipo wengi hunyamaza wakiona haya. Tuseme mkate anauuza shilingi 350, na gharama yake ni 200. Faida ni 150. Dada akitaka shilingi 6,000, hiyo ni faida ya mikate 40, na mama huyu huoka 24 tu kwa siku. Hawezi. Anachoweza ni kumpa shilingi 50 kwa kila mkate utakaoagizwa na mteja anayetaja neno walilokubaliana, kwa wiki moja, akitenga mikate 12 kila siku. Hiyo 12 lazima iandikwe. Watu 100 wakimiminika siku moja, 88 watarudi mikono mitupu, na watasema. Tena, kwa kuwa dada analipwa, mama amwombe awaambie watazamaji wake waziwazi. Wakija kugundua wenyewe, hawatamwamini dada wala mkate.

Basi aandike hivi:

"Assalaam aleikum, dada. Naoka mkate wa sinia hapa Mji wa Kale. Nimeona video yako ya mahamri, pale uliposema iliki itwangwe nyumbani. Mimi pia natwanga. Karibu Jumatano jioni uone nikiupua. Ukiupenda, nina mikate 12 kwa siku ya watu wako, wiki moja, na kila mmoja utakaouzwa una shilingi 50 zako. Tafadhali waambie kuwa unalipwa. Usipoupenda, sema ulivyouona, sitakudai kitu. Kama siku hiyo haikufai, nitajie yako."

Mimi hapo ningeongeza sentensi moja tu, kwa sababu najua moto wa juu na chini haumngoji mgeni:

"Fika saa kumi kasorobo, dada. Saa kumi kamili nafunua."