Kadi ya shilingi, bei ya dola: kwa nini makato hubadilika?

Mzazi mmoja ametuuliza: kijana wake analipia programu ya kuchorea kwa dola 10 kila mwezi, kwa kadi ya benki ya baba. Mwezi wa kwanza zilikatwa shilingi 25,750, wa pili 26,986. Baba ameshuku kijana amenunua na kitu chengine kwa siri. Je, ni hivyo?

Ndugu muulizaji, kabla ya kumtuhumu mwana, tazama makubaliano yalivyo. Kampuni haikukuuzia kwa shilingi. Ilichokubaliana nawe ni dola 10, na akaunti yako ina shilingi. Kwa hiyo kila mwezi, deni likifika, shilingi zako hubadilishwa upya kuwa dola, kwa kiwango cha wakati huo. Juu yake benki nyingi huongeza ada ya malipo ya nje, ambayo ni asilimia fulani ya kiasi hicho.

Tuchukulie ada ni asilimia 3. Mwezi wa kwanza dola moja ikiwa shilingi 2,500, dola 10 ni 25,000, na ada ni 750. Jumla 25,750. Mwezi wa pili dola ikipanda hadi 2,620, bei ni 26,200, na ada ni 786. Jumla 26,986. Hesabu imetimia, wala hapana kilichonunuliwa kwa siri. Dola ikishuka, makato nayo hushuka. Shilingi yetu ilipopata nguvu mwishoni mwa 2024, waliolipa bei ile ile ya dola walikatwa shilingi chache zaidi.

Jambo jengine huwatatiza watu. Siku ya malipo, benki huanza kwa kuzuia fedha tu. Malipo yenyewe hukamilika baada ya siku moja au zaidi, na kiwango kinaweza kuwa kimeshabadilika. Ndiyo maana ujumbe wa simu unaweza kutaja kiasi kimoja, na taarifa ya benki ikaonesha chengine. Acha pia akiba kidogo kwenye akaunti, kwani ukiweka shilingi za mwezi uliopita kamili, malipo yanaweza kukataliwa.

Ili kujua ukweli, fungua risiti ambayo kampuni hutuma kwa barua pepe. Kama dola ni zile zile 10, gawa shilingi zilizokatwa kwa 10, kisha linganisha na kiwango cha dola cha siku ile. Tofauti ikikaribia ada ya benki yako, hapana tatizo. Ikizidi sana, waulize benki. Lakini kama dola zenyewe zimeongezeka, sababu iko kwenye risiti: bei mpya, kodi iliyoongezwa, au kifurushi kikubwa zaidi. Hapo ndipo pa kumuuliza kijana, kwa upole, risiti ikiwa mkononi.

Na ikiwa umeshamtuhumu, basi mtake radhi.