Moja ya Kubeba na Kompyuta Isiyosubiri

Chukua kalamu ujumlishe 9,999 na 1. Tisa na moja ni kumi: unaandika sifuri, unabeba moja. Nafasi inayofuata nayo ina tisa, ikipokea ile moja inakuwa kumi, unaandika sifuri na kubeba moja tena, hivyo hivyo mpaka mwisho. Hata ukigawa kazi kwa watu wanne, kila mmoja na tarakimu yake, hutamaliza mapema zaidi, kwa sababu kila mtu anamsubiri aliye kulia kwake amwambie kama kuna moja inayokuja. Kompyuta hukutana na kero hiyohiyo kila inapojumlisha, na namna wahandisi walivyoitatua inaeleweka hata kwa asiyewahi kushika waya.

Ndani ya kompyuta tarakimu ni mbili tu, 0 na 1, na kazi hufanywa na malango ya mantiki, yaani saketi ndogo za transista zinazopokea ishara za umeme na kutoa ishara moja. Kwa kujumlisha tunahitaji malango ya aina tatu. Lango la NA hutoa 1 pale tu ambapo ishara zote zinazoingia ni 1. Lango la AU hutoa 1 ikiwa angalau moja kati yake ni 1. La tatu, ambalo hapa nitaliita lango la TOFAUTI, hutoa 1 ikiwa ishara mbili zinazoingia hazifanani.

Sasa jumlisha tarakimu mbili. Sifuri na sifuri ni 0. Moja na sifuri ni 1. Moja na moja ni mbili, ambayo kwa mfumo huu huandikwa 10, yaani andika 0 ubebe 1. Tarakimu inayoandikwa ni 1 pale tu namba hizo zinapotofautiana, na hiyo ni kazi ya lango la TOFAUTI. Inayobebwa ni 1 pale tu zote zikiwa 1, na hiyo ni kazi ya lango la NA. Malango hayo mawili yakiwekwa pamoja huitwa kijumlishi nusu. Mwaka 1937 Mmarekani George Stibitz, aliyefanya kazi Bell Labs, alikiunda nyumbani kwake mezani jikoni kwa rilei za simu, balbu za tochi na vipande vya bati.

Nusu haitoshi, kwa kuwa nafasi yoyote ya katikati hupokea tarakimu tatu: zake mbili na ile iliyobebwa kutoka kulia. Basi tunaunganisha vijumlishi nusu viwili pamoja na lango moja la AU, tunapata kijumlishi kamili chenye malango matano. Panga vijumlishi kamili vinne, kila kimoja kikimpa jirani wa kushoto kile anachobeba, na tayari una mashine ya kujumlisha namba za biti nne. Ukitaka kuijenga kwa mkono, chipu tano zinatosha: 74LS86 mbili za TOFAUTI, 74LS08 mbili za NA, na 74LS32 moja ya AU.

Mashine hiyo inajumlisha vizuri, ila ni ya polepole. Chukua 11 na 5, yaani 1011 na 0101. Tuite nafasi ya kulia kabisa nafasi 0, kama wahandisi wanavyofanya. Nafasi 0 ina 1 na 1, kwa hiyo inabeba. Nafasi 1, 2 na 3 kila moja ina 1 moja na 0 moja. Kabla ya habari kuwafikia, zote tatu zinaonyesha 1, na jibu linasomeka 1110, yaani 14. Ile moja ikifika nafasi 1, jibu linageuka 12. Ikifika nafasi 2, linakuwa 8. Ikifika nafasi 3, zote nne zinaonyesha 0, ndipo moja ya mwisho inatokea nje na jibu linakuwa 16. Mashine imepita majibu manne ya uongo kabla ya kufika kwenye la kweli.

Hapo ndipo hatari ilipo. Prosesa huongozwa na mapigo ya saa yake, na kila pigo linapofika, jibu lililopo huchukuliwa jinsi lilivyo. Pigo likiwahi, 11 na 5 inaandikwa kuwa 8. Kosa hili ni gumu kulikamata kwa sababu 2 na 1 itatoka sawasawa kila mara. Haina cha kubeba. Yanayoharibika ni majumlisho yenye mlolongo mrefu wa kubeba tu, na huharibika zaidi volti ikishuka, kwa kuwa malango huwa mazito.

Dawa inatokana na jambo moja ambalo kila nafasi inalijua bila kumsubiri mtu. Yenye 1 na 1 itabeba tu, hata isipopokea kitu: hii tuseme inazalisha. Yenye 1 na 0 haizalishi, lakini ikipokea moja itaipitisha. Yenye 0 na 0 huimeza. Nafasi zote hujitambua kwa wakati mmoja, katika hatua ya kwanza ya malango. Wahandisi huandika G kwa kuzalisha na P kwa kupitisha.

Sasa uliza: je, nafasi 3 itapokea moja? Itapokea ikiwa nafasi 2 imezalisha. Au nafasi 1 imezalisha na 2 inapitisha. Au nafasi 0 imezalisha na 1 na 2 zote zinapitisha. Au kulikuwa na moja iliyoingia tangu mwanzo na zote tatu zinaipitisha. Kwa maandishi yao, ambamo alama ya kujumlisha ni AU na nukta ni NA:

```
C3 = G2 + P2·G1 + P2·P1·G0 + P2·P1·P0·C0
```

Katika 11 na 5, kipande cha tatu ndicho kinachotoa 1. Cha kutazama ni kwamba hakuna C1 wala C2 ndani ya mstari huo. Nafasi 3 haimsubiri jirani. Inasoma namba zenyewe. Tukihesabu kila lango kuwa hatua moja, hatua ya kwanza inatoa G na P, ya pili ni malango ya NA, ya tatu ni AU, na ya nne inatoa jibu la kila nafasi. Kwa mpangilio wa kupokezana, biti nne huweza kuhitaji hatua 8.

Kwa biti 64 njia hii haiwezi kutumika moja kwa moja, maana ingedai lango lenye viingizo 65, na lango lenye viingizo vingi nalo huwa zito. Kwa hiyo nafasi hupangwa vikundi vya nne nne. Kila kikundi huulizwa swali lilelile: je, kwa ujumla unazalisha au unapitisha? Kisha vikundi vinne hufanywa kundi kubwa, na hivyo tena. Kupokezana kungechukua hatua 128. Kwa vikundi, hatua ni 12. Gharama yake ni malango mengi zaidi, nafasi zaidi kwenye chipu na umeme zaidi.

Charles Babbage alilifikiria wazo hili huko London katika miaka ya 1830, kwa magurudumu ya meno, akikabiliana na zile tisa zilizopangana. Kwa upande wa umeme, Gerald Rosenberger wa IBM aliomba hataza yake mwaka 1957.

Siku hizi unaweza kununua chipu ya 74LS283, ambayo hujumlisha biti nne ikiwa na utaratibu huu ndani yake. Ukiunganisha mbili kupata biti nane, kumbuka kwamba kati ya chipu na chipu ile moja bado inapokezwa. Na ukimaliza kujenga, usiipime kwa 2 na 1. Ipime kwa 255 na 1.