Stika 50 za Mwisho

Albamu ya stika za Kombe la Dunia la 2022 nchini Qatar, kazi ya kampuni ya Panini ya Modena, Italia, ilikuwa na stika 670 za kubandika. Pakiti ilibeba stika tano. Kwa hesabu ya harakaharaka, pakiti 134 zinatosha. Lakini anayenunua peke yake, bila kubadilishana na mtu, huhitaji kwa wastani pakiti 950 hivi.

Zinakwenda wapi zote hizo? Dadu inaonyesha vizuri. Tuseme unataka kuona namba zote sita. Mrusho wa kwanza lazima ulete namba mpya. Baada ya hapo zimebaki tano kati ya sita, kisha nne kati ya sita, na kuendelea hadi ibaki moja tu. Ukirusha mara 600, hiyo moja itatokea mara 100 hivi, maana yake kila baada ya mirusho sita kwa wastani. Kanuni ni hiyo: uwezekano ukiwa tano kati ya sita, unasubiri mirusho 6/5, ukiwa nne kati ya sita, 6/4.

Na kwa kuwa wastani wa jumla ni jumla ya wastani, unajumlisha tu:

1 + 6/5 + 6/4 + 6/3 + 6/2 + 6 = 14.7

Tazama mwisho wa mstari huo. Namba mbili za mwisho zinakula mirusho tisa kati ya hiyo 14.7.

Kwenye albamu uchoyo huo unazidi. Nusu ya kwanza, stika 335, hupatikana kwa kununua kama 464. Mtoto anaona mambo yanakwenda. Stika ya mwisho peke yake inadai 670 zaidi. Ukijumlisha hatua zote, kuanzia 670/670 hadi 670/1, unapata takriban stika 4,747.

Huo ni wastani, na watu hutawanyika mbali nao: si ajabu mmoja akamaliza kwa 3,900 na mwenzake akavuka 5,600. Tena hesabu inachukulia kwamba stika zote zimechapwa kwa idadi sawa. Wakusanyaji wengi hawaamini hilo, na hawalaumiki, kwani anayetafuta sura moja kwa majuma lazima ashuku kwamba imefichwa. Ila subira hiyo ndefu hutokea hata pasipo hila yoyote.

Dawa inajulikana, nayo ni kutokwenda hadi mwisho kwa kununua pakiti. Panini huuza stika zilizopungua mojamoja kwa oda. Mtu akisimama zikibaki 50 na kuziagiza hizo, atakuwa amenunua stika 1,733 hivi, yaani pakiti 347. Pakiti nyingine 600 na ushei zingemwendea kwa ajili ya hizo 50 tu.