Kilo 90 zisizolingana

Wanaume wawili, kila mmoja ana miaka 30, kilo 90 na sentimita 180. Kanuni ya Mifflin-St Jeor ya mwaka 1990, inayotazama uzito, urefu, umri na jinsia, inawapa wote kilokalori 1,880 kwa siku wakiwa wamepumzika tu. Lakini mmoja ni mbeba vyuma mwenye mafuta asilimia 12. Mwenzake ana 35.

Katch-McArdle huondoa mafuta kwanza: 370 + (21.6 × kilo zilizobaki). Wa kwanza anapata 2,081, wa pili 1,634. Kwa mwili uliojengeka hivyo, naiamini hii zaidi, mradi mafuta yamepimwa vizuri. Mizani ya umeme ya nyumbani ikikosea asilimia tano, jibu linahama kwa kilokalori 97.