Feza ya mfadhili kwenye YouTube: kile ambacho mwenye chaneli anapaswa kumwambia mtazamaji

Katika miji ya mashariki mwa Kongo, vijana wengi wenye chaneli ya YouTube huanza wakiwa na wazo moja: watazamaji wakiwa wengi, YouTube itatuma feza. Wazo hilo si uongo, ila njia yake ni ndefu kuliko wengi wanavyofikiri. Kabla haijafika mwisho, mara nyingi feza ya kwanza inatoka kwingine: mwenye duka wa mtaani anapiga simu na kusema anataka batri zake zionekane kwenye video. Hapo ndipo matatizo huanza.

Tuanze na njia ndefu. Ili chaneli igawiwe sehemu ya feza ya matangazo, ni lazima iingie katika mpango wa washirika wa YouTube. Inahitaji watu 1,000 waliojiandikisha, pamoja na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 iliyopita. Anayetengeneza video fupi za Shorts anaweza kufikisha mara milioni 10 za kutazamwa ndani ya siku 90, badala ya zile saa 4,000.

Saa 4,000 ni dakika 240,000. Tuseme kijana mmoja wa Butembo anafundisha namna ya kufunga umeme wa jua nyumbani. Video zake ni za dakika 8, na mtazamaji wa kawaida anakaa dakika 3 kisha anaondoka. Kila video inatazamwa mara 1,000, kwa hiyo inaleta dakika 3,000. Akitoa video moja kila wiki kwa mwaka mzima, bila kukosa hata wiki moja, anapata dakika 156,000, yaani saa 2,600. Mwaka umepita na bado hajafika. Na saa za mwaka uliopita haziwekwi akiba: zikishapita miezi 12, zinatoka kwenye hesabu.

Kuna mlango mdogo uliofunguliwa mwaka 2023: watu 500 waliojiandikisha, video 3 ndani ya siku 90, na saa 3,000 za kutazamwa. Lakini mlango huo unaruhusu hasa kupokea zawadi na michango kutoka kwa watazamaji. Feza ya matangazo yenyewe bado inasubiri saa 4,000. Anayefika huko hupata asilimia 55 ya feza ya matangazo yanayopita kwenye video zake ndefu, na Google haitumi malipo mpaka akaunti ifikishe dola 100.

Halafu kuna swali la nchi. Mpango huu haupatikani kila mahali. Mwenye chaneli anapaswa kuishi katika nchi iliyo kwenye orodha ya YouTube. Kenya, Uganda na Tanzania zimo. Kongo haikuwemo kwa miaka mingi. Orodha hiyo hubadilika, na anayetaka kujua hali yake ya leo afungue ukurasa wa "Earn" ndani ya "YouTube Studio", akiwa ameandika nchi anamoishi kweli.

Neno hilo, kweli, lina uzito. Wengine huandika kwamba wako Kampala au Nairobi, na kutumia akaunti ya malipo ya ndugu aliye huko. Akaunti ikifikisha dola 10, Google hutuma namba ya siri kwa barua ya posta, kwenye anwani iliyoandikwa. Barua inamfikia ndugu, na malipo pia yanaingia kwenye benki yake, kwa jina lake. Siku mtakapogombana, hakuna karatasi itakayoonyesha kwamba feza ile ni yako. Na YouTube ikigundua kwamba nchi iliyoandikwa si ya kweli, inaweza kumwondoa mwenye chaneli katika mpango.

Kwa hiyo kijana wetu wa Butembo anabaki na mwenye duka. Mapatano ya moja kwa moja kati yao hayahitaji saa 4,000 wala kuingia katika mpango. YouTube haichukui asilimia yoyote, na malipo yanaweza kupita M-Pesa au Airtel Money jioni ileile. Tuseme duka linampa dola 80 pamoja na batri moja na pano moja atakazobaki nazo. Yeye anatengeneza video ya dakika 8 akionyesha namna ya kuvifunga.

YouTube inaruhusu jambo hilo, lakini inaweka sharti. Video yoyote yenye bidhaa, ufadhili au sifa iliyolipiwa inapaswa kutangazwa hivyo. Wakati wa kupandisha video, unabonyeza "Show more", unatafuta sehemu ya "Paid promotion", na unaweka alama kwenye kisanduku. Mtazamaji ataona maandishi yanayosema kwamba video ina matangazo ya kulipiwa, kwa sekunde 10 za mwanzo.

Makosa mawili yanarudi mara nyingi hapa. La kwanza ni kusema: "Mimi bado si mshirika wa YouTube, sharti hilo halinihusu." Linamhusu. Linamfunga kila mtu anayepandisha video yenye ufadhili, hata akiwa na watazamaji 40. La pili ni kufikiri kwamba bila feza mkononi hakuna cha kutangaza. Ile batri na ile pano ni malipo pia. Hata kama duka lingetoa batri tu, bila hata franka moja, kuna uhusiano kati ya msemaji na mwuzaji, na mtazamaji ana haki ya kuujua.

Kisanduku peke yake hakitoshi kwa watazamaji wetu. Maandishi yale ni madogo na yanapita haraka. Mara nyingi video inatazamwa na watu wanne kwenye simu moja, na yanatokea kwa lugha ambayo simu imewekewa, Kifaransa au Kiingereza. Mama anayesikiliza huku akipika hatayaona. Ndiyo maana inafaa kulisema kwa mdomo, kwa Kiswahili, kabla ya kuanza kuisifu bidhaa: "Duka hili limenilipa ili nitengeneze video hii, na limenipa batri hii bure." Sentensi moja inatosha, na irudiwe katika maelezo chini ya video, kwenye mistari ya kwanza ambayo mtu anaisoma bila kubonyeza. Kusema "namshukuru rafiki yangu wa duka hili" au "kwa ushirikiano na duka hili" hakumwambii mtazamaji kwamba feza imepita.

Sasa jaribio lenyewe. Batri imeandikwa volti 12 na Ah 100. Ukizidisha, unapata wati-saa 1,200. Kwa kuwa ni batri ya risasi, haifai kutumia zaidi ya nusu yake, la sivyo itaharibika mapema, zinabaki 600. Kijana anaijaza kabisa, kisha anaunganisha taa na televisheni ndogo zinazotumia wati 60 kwa jumla. Angetarajia saa 9 au 10. Baada ya saa 4, kila kitu kinazimika. Hata angeikausha kabisa, angekuwa amepata wati-saa 240 tu, mahali palipoandikwa 1,200.

Mwenye duka anaomba sehemu hiyo ikatwe. Amelipa, anasema, na hakulipa ili achafuliwe jina.

Hapa alama kwenye kisanduku haiokoi kitu. Kutangaza kwamba umelipwa hakukupi ruhusa ya kusema batri inafanya kazi saa 10 huku umeona inazimika baada ya saa 4. Mtazamaji wa Beni au Lubero atauza mbuzi wawili ili anunue batri ileile, na atakapokaa gizani saa mbili usiku, hatalikumbuka duka. Atakumbuka sura iliyomwambia anunue.

Ugomvi huu unazuiliwa kabla ya kamera kuwashwa, kwa karatasi ya ukurasa mmoja yenye sahihi mbili. Iandike kiasi cha malipo, na kwamba nusu inalipwa kabla ya kazi. Iandike kwamba video itatangazwa kuwa imelipiwa, kwa kisanduku na kwa mdomo. Halafu kifungu kilicho kigumu kuliko vyote: duka litaonyeshwa video kabla haijatoka, na linaweza kusahihisha bei, anwani au namba ya simu, lakini si matokeo ya jaribio. Wakishindwa kuelewana, video haitoki, vifaa vinarudi dukani, na karatasi inasema mapema kiasi gani cha ile nusu kinabaki kwa kazi iliyokwisha kufanyika. Mwenye duka anayekataa kifungu hiki amekwisha kueleza mengi juu ya batri zake.

Kuna ombi jingine ambalo maduka hupenda: "Weka katikati ya video yako hili tangazo letu la sekunde 30, lile linalopita redioni." YouTube hairuhusu kuingiza ndani ya video tangazo lililokwisha kutengenezwa na mfadhili, kwa sababu nafasi ya aina hiyo inauzwa na YouTube yenyewe. Kinachoruhusiwa mwanzoni ni picha isiyotembea yenye jina au alama ya mfadhili, isiyozidi sekunde 5. Mwenye chaneli anaweza pia kuzungumza mwenyewe juu ya bidhaa ndani ya video yake. Afadhali duka lielezwe tofauti hiyo kabla halijalipa.

Na kuna wafadhili ambao alama haiwafanyi wawe halali. YouTube inakataza ufadhili wa biashara za udanganyifu, dawa za kulevya, na michezo ya bahati ya mtandaoni ambayo Google haijaikubali. Video ikivunja kanuni inaweza kuondolewa na chaneli kupewa onyo. Maonyo matatu ndani ya siku 90, chaneli inafungwa. Kampuni ya kubashiri matokeo ya mpira inayotoa mara tano ya kile duka la batri linachotoa huenda inalipa hatari hiyo, na hatari si yake.

Kwa Wakongo wanaotengeneza video wakiwa Ufaransa, jambo hili limetoka kwenye kanuni za YouTube na kuingia kwenye sheria ya nchi. Sheria ya tarehe 9 Juni 2023 inamtaka mtu mwenye wafuasi mtandaoni aonyeshe wazi pale anapolipwa ili kusifu bidhaa, na anayeficha anaweza kufungwa hadi miaka 2 na kutozwa faini ya hadi euro 300,000.

Kwa anayesoma haya huku akikumbuka video ya mwaka jana iliyolipiwa bila kutangazwa, haihitaji kufutwa. Kisanduku cha "Paid promotion" kinaweza kuwekwa alama hata kwenye video iliyokwisha kutoka: fungua "Content" ndani ya "YouTube Studio", chagua video, rekebisha na uhifadhi. Ongeza sentensi katika maelezo, kisha andika maoni yako mwenyewe na uyabandike juu ya mengine yote. Na kama baadaye bidhaa ile ilionekana mbovu, maoni hayohayo ndiyo mahali pa kuliandika.