Hisa zikipita bei uliyoahidi

Kwenye soko la hisa la Marekani, mwenye hisa 100 anaweza kumuuzia mtu mwingine haki ya kuzinunua kwa bei maalumu kabla ya tarehe fulani. Tuseme hisa zilikuwa dola 50, akauza haki ya kununua kwa dola 55 na kulipwa dola 150. Siku chache kabla ya mwisho, hisa zimefika dola 60. Akinyamaza, zitachukuliwa kwa dola 55.

Njia nyingine ni kuusogeza mkataba juu na mbele. Anainunua tena haki ile kwa dola 520, kisha anauza nyingine ya mwezi ujao, yenye bei ya dola 60, kwa dola 240. Oda zote mbili hutumwa pamoja. Mfukoni zimetoka dola 280.

Je, inalipa? Hisa zikibaki dola 60 au zaidi, atapata dola 500 za ziada. Akitoa gharama, zinabaki 220. Zikishuka chini ya dola 57.80, ingekuwa heri angeziachia kwa 55.

Asichelewe gawio likikaribia: likizidi thamani ya muda iliyobaki katika haki ile, hapa dola 0.20 kwa hisa, mnunuzi anaweza kuzichukua mapema.

Jiulize basi: kama usingekuwa na hisa hizi, ungezinunua leo kwa dola 57.80? Jibu likiwa hapana, ziache ziende.