Macho Kutokeza kwa Ugonjwa wa Tezi: Kila Tiba na Wakati Wake

Tuchukue mfano wa dereva wa lori mwenye umri wa miaka 46, anayepeleka mizigo kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma na kuvuta pakiti moja ya sigara kwa siku. Alianza kwa kupungua uzito, moyo kwenda mbio na mikono kutetemeka. Vipimo vya damu vikaonyesha kwamba tezi yake ya thairoidi, ile inayokaa mbele ya shingo mithili ya kipepeo, inatoa homoni kupita kiasi. Alipewa vidonge vya kuituliza, na moyo ukatulia. Miezi miwili baadaye macho yakaanza kumkereketa kama yameingia mchanga. Asubuhi kope huwa zimevimba, mchana machozi humtiririka. Akalaumu vumbi la barabarani, akanunua dawa ya matone ya kung'arisha macho na kuendelea na safari.

Mkewe ndiye aliyegundua jambo jingine. Usiku mumewe akiwa usingizini, alimulika kwa tochi ya simu akaona kope hazikutani, na ufito mweupe wa jicho umebaki wazi. Hapo ndipo walipokwenda kliniki ya macho.

Daktari aliwaeleza kuwa vumbi halihusiki. Katika ugonjwa wa Graves, uliopewa jina la tabibu wa Dublin aliyeueleza mwaka 1835, kinga ya mwili inakosea adui. Kingamwili zinazoichochea tezi ya shingoni zinakuta shabaha kama hiyo hiyo nyuma ya macho, ndani ya mafuta na misuli inayozungusha jicho. Seli za huko huanza kutengeneza ute unaofyonza maji, mafuta huongezeka, misuli hunenepa. Tundu la jicho lina kuta za mfupa pande zote isipokuwa mbele, kwa hiyo kinachovimba ndani hakina pa kwenda ila kulisukuma jicho nje.

Ugonjwa huu una majira mawili, na asiyeyatofautisha hupoteza tiba. Kwanza huja majira ya uvimbe: macho ni mekundu, yanauma, na mambo yanabadilika mwezi hadi mwezi. Kwa kawaida huchukua kati ya nusu mwaka na miaka miwili. Kisha huja majira ya utulivu: uvimbe unapoa, lakini misuli iliyokakamaa na jicho lililotoka huenda vikabaki hivyo. Dawa za kuzima uvimbe hufaa katika majira ya kwanza tu. Upasuaji wa kurekebisha husubiri majira ya pili, isipokuwa kwa dharura moja tutakayoieleza.

Ili kujua mgonjwa yuko wapi, daktari huhesabu dalili saba: maumivu nyuma ya jicho hata likiwa limetulia, maumivu linapozungushwa, wekundu wa kope, wekundu wa weupe wa jicho, uvimbe wa kope, uvimbe wa kile kinyama cha pembeni karibu na pua, na utando wa jicho uliojaa maji. Zikifika tatu au zaidi, uvimbe uko hai. Kisha hupima jicho limetokeza milimita ngapi. Hapa inabidi kuwa mwangalifu, kwani watu weusi kwa asili wana macho yaliyotokeza kuliko Wazungu, na kwa mwanamume mweusi kipimo cha milimita 24 kinaweza kuwa cha kawaida kabisa. Picha ya zamani, hata ile ya kitambulisho, humsaidia daktari kuliko jedwali lolote. Dereva wetu alikuwa na dalili mbili na kipimo cha milimita 25. Ugonjwa ulikuwa mwepesi.

Aliandikiwa mambo matatu. La kwanza lilikuwa kuacha sigara. Katika yote yanayouchochea ugonjwa huu, hilo ndilo lililo mikononi mwa mgonjwa mwenyewe. Wavutaji hupata ugonjwa wa macho mara nyingi zaidi, huupata kwa ukali zaidi, na dawa huwasaidia kidogo kuliko wasiovuta. Kadiri sigara zinavyoongezeka ndivyo hatari inavyopanda, na aliyeacha ana hatari ndogo kuliko anayeendelea. Moshi wa anayevuta kando yako pia si salama. Anayeshindwa kuacha kwa mkupuo anaweza kutumia bazoka au plasta za nikotini kwa muda, maana hizo hazina moshi. La muhimu ni kupanga siku ya kuacha, kutoa pakiti zote ndani ya gari na kumwambia utingo asikubali kutumwa dukani.

La pili lilikuwa kulilainisha jicho. Jicho lisilofumba vizuri hukauka, na kioo chake cha mbele huweza kupata kidonda. Machozi ya bandia huwekwa mara nne au zaidi kwa siku. Anayeyahitaji mara nyingi kuliko hapo hutafuta yale yasiyo na kihifadhi, kwa sababu kihifadhi chenyewe hukereketa. Usiku hutumika marhamu nzito, na kope zisipokutana hubandikwa plasta laini. Mito miwili kichwani hupunguza uvimbe wa asubuhi, na miwani ya jua hukinga upepo. Yale matone ya kung'arisha aliyonunua mwanzoni hubana mishipa ya damu ili weupe uonekane, lakini hayalainishi chochote.

La tatu lilikuwa madini ya seleniamu, mikrogramu 100 mara mbili kwa siku kwa miezi sita. Kipimo hicho kinatokana na utafiti wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2011, ambapo wagonjwa 159 wenye ugonjwa mwepesi waligawanywa makundi matatu. Waliotumia seleniamu waliishi vizuri zaidi na macho yao, na wachache wao walizidiwa. Lakini walikuwa watu wa maeneo ambayo vyakula vyake vina upungufu kidogo wa madini hayo. Anayekula samaki na mayai kila siku huenda asione faida hiyo hiyo. Miezi sita ikiisha, huachwa. Kuzidisha huleta madhara: nywele kung'oka, kucha kuvunjika na pumzi kunuka kama kitunguu saumu. Kwa ugonjwa mkali, seleniamu haitoshi.

Pamoja na hayo, homoni za tezi zilipaswa kupimwa kila baada ya wiki chache. Tezi ikizidi au ikipungua, macho huathirika yote mawili. Aliambiwa pia kwamba tiba ya madini-joto yenye mionzi, inayotumika kuizima tezi, inaweza kuchochea macho, hasa ya mvutaji, na kwamba anayelazimika kuipata huweza kukingwa kwa vidonge vya steroidi.

Dereva alitumia matone na vidonge kwa uaminifu. Sigara hakuiacha. Mwezi wa tano, akiwa Mikumi jioni, aliona taa mbili za lori moja zikawa nne. Aliegesha pembeni akafumba jicho moja, zikarudi mbili. Misuli ya macho ilikuwa imevimba kwa viwango tofauti, hivyo macho hayakuelekea mahali pamoja. Kliniki ilihesabu dalili tano, na jicho la kulia lilikuwa limefika milimita 28. Akakatazwa kuendesha.

Sasa zilihitajika steroidi. Njia inayopendelewa ni dripu ya methilprednisoloni mara moja kwa wiki: miligramu 500 kwa wiki sita, kisha miligramu 250 kwa wiki sita nyingine, jumla gramu 4.5. Dripu hufanya kazi vizuri kuliko vidonge vya kila siku na huleta madhara machache, ila ikizidi inaweza kuharibu ini. Ndiyo maana jumla ya mzunguko mmoja haipaswi kuvuka gramu 8. Kabla ya kuanza hupimwa ini, homa ya ini, sukari, shinikizo la damu na kifua kikuu, kwa kuwa steroidi huamsha vilivyolala. Anayetumia vidonge badala ya dripu asivikatishe ghafla. Dozi hushushwa taratibu kwa maelekezo ya daktari. Pia ajue mpaka wa dawa hizi: huondoa maumivu, wekundu na uvimbe, na mara nyingi husaidia misuli, lakini jicho lililokwisha kusukumwa nje hulirudisha kidogo tu.

Katika wiki ya sita ikaja dharura. Nyumbani alikuwa amefundishwa kufanya jaribio dogo: kila asubuhi hufumba jicho moja na kutazama kizibo chekundu cha soda, kisha hufumba la pili. Asubuhi hiyo jicho la kushoto liliona wekundu uliokolea. La kulia liliona rangi iliyofifia, kama nguo iliyofuliwa mara nyingi. Hiyo ni dalili kwamba misuli iliyovimba imeubana mshipa wa fahamu wa kuona pale nyuma, tundu linapokuwa jembamba kama ncha ya koni. Anayeona rangi zikififia, ukungu usioondoka akipepesa, au sehemu ya picha ikikosekana, aende hospitali siku hiyo hiyo. Asidanganywe na jicho lisilotokeza sana, maana jicho lililokataa kusogea mbele ndilo linaloweza kuubana mshipa zaidi.

Alipewa dripu nzito siku tatu mfululizo. Katika wiki mbili uwezo wa kuona ulipanda kidogo ukakwama, kwa hiyo ukaamuliwa upasuaji wa kupanua tundu la jicho.

Wengi husikia neno hilo wakadhani jicho linatolewa. Halitolewi. Mgonjwa akiwa amelazwa usingizi, mpasuaji hupitia kwa ndani ya kope au karibu na pua, akaondoa sehemu za kuta za mfupa. Ukuta wa upande wa pua ni mwembamba kama karatasi, na nyuma yake kuna vyumba vya hewa vya uso. Tishu zilizovimba hupata nafasi ya kuingia humo, jicho hurudi nyuma na mshipa hupumua. Ili kuuokoa mshipa, ukuta huo huondolewa hadi ndani kabisa. Ukuta wa chini, wa upande wa sikio na baadhi ya mafuta huongezwa kulingana na haja. Wiki za mwanzo hairuhusiwi kupenga kamasi, hewa isije ikasukumwa kwenye tundu. Madhara yapo: ganzi ya shavu, kutokwa damu, mara chache sana upofu, na kuona vitu viwili kwa mtu ambaye hakuwa nako.

Rangi nyekundu ilirudi. Jicho lilishuka hadi milimita 24, lakini taa bado zilikuwa mbili. Mpasuaji hakukimbilia kunyoosha misuli. Alimpa lenzi maalumu ya miwani ya kuunganisha picha na kusubiri macho yatulie walau miezi sita bila kubadilika. Ndipo hufuata misuli, na kope huwa za mwisho. Mpangilio huu haugeuzwi, kwa sababu kupanua tundu huhamisha misuli, na kugusa misuli huhamisha kope. Akianza na kope kwa kuwa ndizo zinazoonekana kwenye kioo, atapasuliwa mara mbili.

Sigara aliiacha wodini, siku rangi ilipofifia. Angeiacha miezi minne mapema, uvimbe ungekuwa na kichocheo kimoja pungufu na dripu zingekuwa na nafasi kubwa zaidi ya kumsaidia. Hakuna anayeweza kuapa kwamba mshipa usingebanwa. Lakini katika orodha yote aliyoandikiwa siku ile ya kwanza, hilo ndilo pekee ambalo halikuhitaji duka la dawa, na ndilo alilolifanya mwisho.